Robo ya Peni

Zamani Waingereza walikuwa na sarafu ndogo ya shaba iliyokuwa robo ya peni. Peni kumi na mbili zilifanya shilingi moja, na shilingi ishirini zilifanya pauni moja. Kwa hiyo pauni moja ilikuwa na robo za peni 960. Sarafu hiyo haikutosha kununua hata kipande cha chokoleti. Lakini siku ya tarehe 6 Desemba, 1909, katika mji wa Birmingham, matajiri wakubwa wa chokoleti katika Uingereza walihukumiwa kulipwa robo ya peni moja, iwe fidia ya jina lao lililochafuliwa. Nataka, msomaji wangu, tuifuate sarafu hii hadi ilikotoka, kwa kuwa ndani yake mna habari ya watu walioheshimiwa sana, wakaingia katika kashfa, wakajitahidi kutoka.

Jina lenyewe ulijua. Ni Cadbury, na yamkini umeliona katika kopo la kakao nyumbani kwenu. John Cadbury alifungua duka lake Birmingham mwaka 1824, na wanawe, Richard na George, wakajenga kiwanda kikubwa nje ya mji mwaka 1879 katika mahali walipopaita Bournville. Walikuwa watu wa Jamii ya Marafiki, yaani Wakwekeri, dhehebu ambalo kwetu linajulikana tangu wamisionari wa Kimarekani walipofika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupinga biashara ya utumwa. Hapo Bournville, tangu 1895, George Cadbury alijenga kijiji cha nyumba nzuri zenye bustani, wakati wafanyakazi wengi wa Uingereza walikuwa wakisongamana katika vyumba vya giza. Mtu aliponunua kakao ya Cadbury alijiona kuwa ananunua kitu safi, kilichotengenezwa na watu safi. Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya mali yao. Shika neno hilo, kwa maana mwenye sifa ya unyofu huhukumiwa kwa kipimo cha unyofu, wala si kwa kipimo cha wafanyabiashara wengine.

Mti wa kakao hauoti Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 karibu nusu ya kakao iliyoingia Bournville, na miaka mingine zaidi ya nusu, ilitoka katika kisiwa cha Sao Tome. Hiki ni kisiwa kilichoko katika Ghuba ya Gine, karibu na mstari wa ikweta, na wakati huo, pamoja na jirani yake Prinsipe, kilikuwa koloni la Wareno. Utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa huko kisheria tangu miaka ya 1870. Badala yake palikuwa na wale walioitwa watumishi wa mkataba. Watu walikamatwa au kununuliwa ndani kabisa ya Angola, wakatembezwa majuma mengi hadi pwani, na huko wakapangwa mbele ya afisa. Afisa akauliza, kwa mkalimani, kama wamekubali kwenda kufanya kazi visiwani kwa miaka mitano. Jibu lao, liwe lolote au lisiwepo, liliandikwa kuwa ni ndiyo. Kila mmoja alivishwa kibati chenye namba na kikopo chenye karatasi yake ya mkataba, akapandishwa merikebu. Ikiisha miaka mitano, mkataba uliandikwa upya. Hapakuwa karibu na mtu hata mmoja aliyerudi Angola. Sheria iliwaita watu huru, lakini mtu huru ambaye hawezi kwenda kwao ni huru wa karatasini tu.

Mwaka 1901 William Cadbury, mwana wa Richard, alisafiri hadi Trinidad, na huko akasikia watu wakisema ya kwamba kakao ya Sao Tome ni kazi ya watumwa. Uvumi waweza kupuuzwa. Lakini mwezi wa Aprili mwaka huo huo ilifika Bournville barua ya kutangaza kuuzwa kwa shamba moja la kisiwani. Orodha ya mali ya shamba ilitaja wafanyakazi weusi 200, na thamani yao iliyoandikwa mbele ya hesabu hiyo ilikuwa pauni 3,555. Ng'ombe nao walikuwamo katika orodha. Hapo hapakuwa tena na uvumi. Bei ya binadamu ilikuwa imeandikwa kwa wino, na wakurugenzi wa kampuni waliisoma. Jambo hilo likaandikwa katika kitabu cha mikutano yao, na William akapewa kazi ya kuchunguza.

Yatazame sasa waliyoyafanya, na uyapime mwenyewe. Mwaka 1903 William alikwenda Lisbon kuonana na wakubwa wa Ureno. Akaambiwa kuwa sheria mpya imekwisha kutungwa mwezi wa Januari. Sehemu ya mshahara itawekwa kando iwe nauli ya kurudi, na mambo yatatengenea. Balozi wa Uingereza huko akamshauri awape Wareno mwaka mmoja wa kujaribu sheria yao. Akakubali. Mimi simlaumu kwa mwaka ule. Mtu aliyeambiwa kuwa dawa imepatikana aweza kungoja aone kama mgonjwa atapona, mradi awe na siku aliyoiweka ya kwenda kumtazama.

Siku ilipita, na mgonjwa hakupona. Ndipo Cadbury, pamoja na makampuni ya Fry na Rowntree ya Uingereza na Stollwerck ya Ujerumani, wakamchagua mtu wao wenyewe, Joseph Burtt, aende akaone. Alipelekwa kwanza Ureno ili ajifunze lugha, kwani mchunguzi asiyejua lugha husikia yale tu mkalimani anayotaka ayasikie. Ni jambo la busara, lakini angalia jinsi saa inavyokwenda: Burtt alifika Sao Tome mwezi wa Juni, 1905, miaka minne baada ya ile barua yenye bei za watu. Akakaa visiwani miezi kadhaa, akaenda Angola, akapitia hata Msumbiji, asirudi Uingereza mpaka 1907.

Wakati huo mtu mwingine alikuwa njiani. Henry Nevinson, mwandishi wa habari, alitumwa na gazeti la Kimarekani kwenda kuyaona mambo yale yale. Alianza safari yake mwishoni mwa 1904, akapita njia ya misafara ya Angola, na akaona kando yake pingu za miti zilizotupwa na mifupa ya waliokufa wakipelekwa pwani. Habari zake zilianza kuchapishwa mwezi wa Agosti, 1905, na mwaka uliofuata zikatoka katika kitabu. Kwa hiyo ulimwengu ulisoma ukweli kwa kalamu ya mgeni, ilhali ripoti ya Cadbury ilikuwa bado mfukoni mwa Burtt. Hili ni kosa la kwanza la kampuni, nami naliona kuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Mwenye nyumba akichelewa kueleza moshi unaotoka darini mwake, jirani ataueleza, na ataueleza kwa namna yake.

Ripoti ya Burtt ilikubaliana na Nevinson katika kiini cha jambo: watu wale walichukuliwa kwa nguvu na hawakurudi. Ungedhani sasa kampuni ingesema wazi. Lakini Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, chini ya Bwana Edward Grey, ilitaka jambo hili liendeshwe kimya kimya, serikali kwa serikali, ili Wareno wasikasirike. Cadbury wakakubali. Mwishoni mwa 1907 William akarudi Lisbon, akaweka ripoti mbele ya wakubwa, akapewa ahadi nyingine. Na wakati wote huo, mwezi kwa mwezi, magunia ya kakao ya Sao Tome yaliendelea kuingia Bournville.

Nikiwasomesha wanafunzi wangu habari hii, wengi husema hapa kuwa Cadbury walikuwa waongo. Siwaungi mkono. Hakuna uongo walioutangaza, na fedha zao ndizo zilizogharimia safari ya Burtt. Ugumu uko katika namna walivyounganisha mambo mawili. Mtu aweza kunyamaza huku akiacha kununua. Watu hawatajua sababu, lakini mikono yake itakuwa mitupu. Au aweza kuendelea kununua huku akisema hadharani, “Twanunua kwa sababu hii, na tutaacha siku fulani kama jambo hili halikubadilika.” Wao walinunua na kunyamaza pamoja. Hoja yao ilikuwa kwamba mnunuzi husikilizwa na Wareno, na akiacha kununua atapoteza sauti yake. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Lakini mnunuzi ambaye hatishii kuacha ana sauti gani? Na hoja yenyewe haikuelezwa kwa watu waliokuwa wakinywa ile kakao, hata wakaisikia mara ya kwanza katika kinywa cha wakili.

Tena palikuwa na jambo lililozidisha hatari. George Cadbury, tangu 1901, alikuwa mmiliki wa gazeti la Daily News, gazeti la chama cha Liberali. Gazeti hilo lilipiga kelele nyingi kwa ajili ya vibarua wa Kichina walioletwa katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini chini ya mikataba migumu, na kelele hizo zilisaidia kuwaangusha wapinzani wa Liberali katika uchaguzi wa 1906. Sasa fikiri, msomaji: gazeti la bwana huyu lamlilia Mchina wa Transvaal, na kiwanda chake chanunua jasho la Mwangola. Adui hakuhitaji kutunga chochote. Alihitaji tu kuziweka habari hizo mbili katika ukurasa mmoja.

Ndivyo lilivyofanya gazeti la Standard, la upande wa Wahafidhina, tarehe 26 Septemba, 1908. Lilikuwa limepata habari kuwa William Cadbury yu karibu kusafiri kwenda kujionea mwenyewe Sao Tome na Angola. Kwa kejeli likastaajabu kwamba safari hiyo imechukua miaka mingi hivyo. Likaieleza Bournville na bustani zake, kisha likaieleza mikono mingine, ile ya weusi, iliyokuwa ikifanya kazi upande wa pili wa bahari kwa faida ya watu wale wale.

Cadbury walikuwa na njia zaidi ya moja mbele yao. Wangaliweza kuchapisha kila kitu: barua, tarehe, ripoti, na sababu za kungoja. Wangaliweza kukaa kimya, wakaacha matendo yao yajibu. Wao walichagua mahakama. Walilishitaki gazeti kwa kuwachafulia jina.

Yafaa uelewe kesi ya namna hii ilivyo, kwa kuwa watu wengi huikimbilia kwa hasira bila kuijua. Anayeshitaki kwa kuchafuliwa jina hulileta jina lake mwenyewe mezani lipimwe. Upande wa pili una haki ya kudai vitabu vyake, barua zake, na kumbukumbu za mikutano yake, na kumweka kizimbani aulizwe. Kampuni iliyonyamaza miaka saba kwa hiari yake sasa ililazimika kusema yote kwa siku saba, tena si kwa mpango wake, bali kwa mpango wa adui.

Kabla ya kesi, lakini, lilitokea jambo kubwa. William alirudi kutoka Afrika, na mwezi wa Machi, 1909, kampuni ikatangaza kuwa haitanunua tena kakao ya Sao Tome. Fry, Rowntree na Stollwerck wakafanya vivyo hivyo. Tendo lilikuwa jema. Saa yake ilikuwa mbaya. Lilikuja miezi sita baada ya shutuma na miezi minane kabla ya kesi, na hapana awezaye kumzuia mtu kusema kuwa limetokana na woga.

Kesi ilianza mwishoni mwa Novemba. Wakili wa Cadbury alikuwa Rufus Isaacs, na wa Standard alikuwa Edward Carson, mtu aliyeogopwa sana kwa maswali yake. Carson hakupoteza wakati kubishana kama hali ya Sao Tome ilikuwa utumwa au sivyo. Alimtaka William Cadbury aseme mwenyewe kwamba ulikuwa utumwa, naye alikubali, maana alikuwa mkweli. Kisha akamwongoza hatua kwa hatua: ulijua lini? Ulinunua kiasi gani tangu ulipojua? Hesabu ilizidi pauni milioni moja. Mwisho akamwuliza kama amewahi kukadiria ni watu wangapi waliokufa katika kuitayarisha kakao hiyo tangu 1901 hata 1908. Jibu lilikuwa hapana. Hebu fikiri ukimya wa mahakama baada ya jibu hilo. Hakuna maelezo ya mabalozi na wizara yawezayo kuuziba.

Raia kumi na wawili wa baraza la kuamua kesi, ambao kwa desturi ya Kiingereza huitwa juri, waliondoka wakarudi kabla saa moja haijatimia. Waliona kuwa gazeti lilikuwa limevuka mpaka katika maneno yake, maana lilidokeza kuwa Cadbury hawakukusudia kwa moyo kuuondoa utumwa ule. Kwa hiyo Cadbury walishinda. Gazeti likaamriwa kulipa gharama za kesi. Na fidia ya jina lililochafuliwa? Robo ya peni. Maana yake kila Mwingereza aliielewa: sheria iko upande wenu, lakini jina mnalolidai halina thamani zaidi ya hii.

Mimi naona hukumu ile ilikuwa ya haki, ingawa najua waalimu wenzangu wasioafikiana nami.

Sasa tuulize: jina hilo lilipona kwa njia gani, hata likafika kwetu likiwa bado linaaminika? William alichapisha kitabu juu ya kazi ya Wareno katika Afrika ya Magharibi, akaeleza aliyoyaona na kuyatenda. Kilisaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi kilikuwa ni jambo lisilo na makelele, nalo ni mahali ilikotoka kakao.

Katika Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo leo ni Ghana, kakao ililimwa na Waafrika wenyewe katika mashamba yao madogo. Husemwa kuwa Tetteh Quarshie, fundi chuma, ndiye aliyeieneza baada ya kuleta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879. Hapo hapakuwa na mkataba wa miaka mitano wala kibati shingoni. Lakini usifikiri kwamba mnunuzi alihitaji kuhamisha jina tu katika daftari. Kakao ya huko wakati huo ilikuwa na sifa mbaya. Mbegu za kakao zikitolewa katika tunda hazina harufu wala ladha ya chokoleti. Lazima zirundikwe, zifunikwe kwa majani ya migomba, na kuachwa zichachuke siku tano au sita, huku zikigeuzwa, ndipo zianikwe juani. Mkulima mwenye haraka ya fedha huzianika kabla ya wakati. Namna ya kumtambua ni rahisi: kata mbegu kwa kisu. Iliyochachuka vizuri ina rangi ya kahawia na nyufa nyingi ndani. Isiyochachuka ni ya kijivu na imeshikamana kama kipande cha jiwe. Iliyofanyiwa kazi nusu ni ya zambarau. Na iliyokaushwa kwa moto badala ya jua hunuka moshi, wala moshi huo hautoki tena.

Basi Cadbury walipeleka watu wao huko, wakawaonyesha wakulima namna ya kuzichachusha, na wakalipa bei ya juu zaidi kwa mbegu nzuri kuliko mbaya. Mazungumzo yao na wakulima yakawa ni kisu, mbegu na bei. Kufika mwaka 1911 Pwani ya Dhahabu ilikuwa imezipita nchi zote duniani kwa wingi wa kakao. Haikuwa kazi ya Cadbury peke yao, wala si kazi yao hasa. Ilikuwa kazi ya wakulima. Lakini mtu aliyeuliza, baada ya hapo, “Kakao yenu yatoka wapi?” aliweza kupewa jibu fupi, na jibu fupi ndilo lililokuwa limekosekana tangu 1901.

Carson alikuwa ametia shaka hapo pia. Alitaka juri waone kwamba kampuni iliacha kakao ya watumwa pale tu ilipopata nyingine ya kutosha. Kwa kweli kampuni ilianza kuitafuta kakao ya mahali pengine kwa nguvu miaka mingi baada ya kupokea ile orodha ya bei za watu. Kama utafutaji huo ungalianza 1901, pamoja na uchunguzi, wakili asingalikuwa na la kuuliza.

Imebaki habari ya watu wenyewe, ambao kesi ilizungumza habari zao bila hata mmoja wao kuitwa atoe ushahidi. Wanunuzi wengine wa Ulaya na Amerika waliendelea kununua kakao ya Sao Tome kama kawaida. Baada ya 1910 idadi ya waliorudishwa Angola iliongezeka polepole, na waliofika kwao baada ya miaka mingi pengine hawakukuta aliyewakumbuka. Kazi ya mkataba visiwani iliendelea. Mwezi wa Februari, 1953, wenyeji wa kisiwa walipoogopa kuwa nao watalazimishwa kwenda kulima mashambani, serikali ya Kireno iliwaua mamia ya watu mahali paitwapo Batepa na sehemu za jirani. Sao Tome na Prinsipe vilipata uhuru tarehe 12 Julai, 1975. Kufika wakati huo jina la Cadbury lilikuwa limekwisha kupona zamani sana, na kesi ya Birmingham ilikuwa imesahauliwa na karibu kila aliyekunywa kakao yake.